Mimi nina d = 173, mwenzangu ana 29, na zote zinafungua ujumbe. Nani kakosea?

DadaWaJuja

Habari za jioni wadau. Nisaidieni kabla sijaandamana na mwenzangu kwenda kudai alama zake.

Tulipewa swali la RSA, la kufunga ujumbe kwa ufunguo wa umma na kuufungua kwa ufunguo wa siri, yote kwa mkono. Namba tasa ni p = 13 na q = 19, kwa hiyo n = 247. Kipeo cha hadharani ni e = 5. Ujumbe wenyewe ni 15.

Kufunga hakukunisumbua. 15 mara 15 ni 225. Nikapiga 225 mara 225, nikapata 50625, nikagawa kwa 247, ikabaki 237. Hiyo ni 15 kwa kipeo cha nne. Nikazidisha mara 15 tena: 3555, baki 97. Kwa hiyo kinachotumwa ni 97.

Kutafuta d, kipeo cha siri cha kufungulia, ndiko kulikozua maneno. Nilitoa moja kwa kila tasa, nikachukua 12 mara 18, nikapata 216, halafu nikaanza njia ya Euklidi. Iliisha kwa hatua moja: 216 ina 5 mara 43, inabaki 1. Yaani

```
1 = 216 - 43*5
```

Kinyume cha 5 kikawa -43. Nikaongeza 216 ili kiwe chanya, nikapata 173. Nikahakikisha: 5 mara 173 ni 865, na 865 ni 4 mara 216 na moja juu. Nikapewa alama zote.

Sasa mwenzangu tunayekaa naye meza moja aliandika d = 29. Kapigwa mkasi wa wino mwekundu, sifuri. Lakini anaapa kwamba ukichukua 97 ukaipandisha kwa 29 unarudi kwenye 15. Nikajua ananidanganya. Basi tukakaa Jumamosi tukapiga hesabu, na kweli ikatoka 15! Inawezekanaje funguo mbili tofauti zifungue kufuli moja?

---

MseeWaRongai

Dada, wewe uko sawa, yeye amebahatisha. Kinyume cha namba kwenye moduli huwa kimoja tu, hilo halina mjadala. 5 mara 29 ni 145. 145 ukigawa kwa 216 inabaki 145 ile ile, haibaki 1. Kwa hiyo 29 si kinyume, basi.

Na hiyo 15 yenu ya Jumamosi, mna uhakika hamkukosea mahali? Si mtumie tu kalkuleta: piga 97 kwa kipeo cha 29, gawa kwa 247, toa sehemu nzima, zidisha desimali mara 247. Dakika moja.

---

DadaWaJuja

@MseeWaRongai tulijaribu. Kalkuleta yangu ya kawaida ya sekondari ikaonyesha 4.13 na kitu mara kumi kwa kipeo cha 57. Nikagawa kwa 247 na hakukuwa na desimali ya kuonekana. Na 97 kwa kipeo cha 173 ikaandika `Math ERROR`.

---

MzeeTarakimu

Nimewasoma nikitabasamu. Binti, swali lako ni zuri kuliko hilo mlilopewa darasani.

Tuanze na kalkuleta, maana wengi huteleza hapo. 97 kwa kipeo cha 29 ni namba ya tarakimu 58. Kalkuleta inashika kumi na chache za mbele, zilizobaki inazitupa. Na baki linategemea zile za mwisho, ambazo ndizo zilizotupwa. Kwa hiyo usiamini jibu lolote la hiyo njia ya desimali, hata likiwa namba nzuri. Heri ile `Math ERROR`, inasema ukweli.

Njia ya mkono ni kupandisha kwa mraba, na kupunguza kila hatua kabla namba haijanenepa. Nitaandika 97 na miraba yake, kila mstari ni mraba wa ule uliotangulia:

```
97^1   = 97
97^2   = 9409  -> 23     (247*38 = 9386)
97^4   = 529   -> 35
97^8   = 1225  -> 237, yaani -10
97^16  = 100
97^32  = 10000 -> 120
97^64  = 14400 -> 74
97^128 = 5476  -> 42
```

Ona mstari wa nne. 237 na -10 ni kitu kimoja kwenye moduli 247, kwa sababu tofauti yao ni 247. Mtu anayeng'ang'ania 237 atapiga mraba wa 237 na kupata 56169, halafu aanze kugawa. Mwenye -10 anaandika 100 na kuendelea na chai yake. Kila unapoona baki limeikaribia n, ligeuze hasi.

Sasa 29 ni 16 + 8 + 4 + 1. Chukua mistari hiyo minne uizidishe. 97 mara 35 ni 3395, baki 184, ambayo ni -63. Mara -10 inakuwa 630, baki 136. Mara 100 ni 13600, na 247 mara 55 ni 13585. Inabaki 15.

Na 173 ni 128 + 32 + 8 + 4 + 1. Tatu za mwisho tumeshazizidisha, zimetupa 136. Mara 120 ni 16320, baki 18. Mara 42 ni 756, ukitoa 741 inabaki 15.

Kwa hiyo Jumamosi hamkukosea. Wala mwenzako hakubahatisha. Nikipata nafasi baada ya swala nitaeleza kwa nini.

---

FundiSaiba_Kariobangi

Salamu wakuu. Mimi nina saiba ndogo, wiki jana kirusi kiliingia kwenye mashine moja na kufunga faili zote za wateja, barua za kazi, vyeti, kila kitu. Kimeacha ujumbe kinadai pesa na kinasema kimetumia ufunguo wa umma. Naona hapa mnatafuta d kwa kalamu. Naweza kuwatumia huo ufunguo wa umma mnitafutie d?

---

MzeeTarakimu

Pole sana ndugu. Haitawezekana. Hapa tumeipata d kwa sababu tumeambiwa 13 na 19. Hata tusingeambiwa, 247 mtoto wa darasa la sita ataigawa kwa 2, 3, 5, 7, 11, 13 na hapo imevunjika. Hiyo n yao ina tarakimu mia sita hivi, na hakuna aliyeonyesha hadharani njia ya kuivunja kwa kompyuta za leo. Ukiwa na nakala za faili mahali pengine, safisha mashine uzirudishe. Usifute zilizofungwa, wakati mwingine funguo za wahuni hukamatwa na kutolewa bure.

---

MseeWaRongai

Sawa mzee, hesabu zako nimezirudia na zimetoka. Lakini hiyo ni ujumbe mmoja, 15. Labda 29 inafungua 15 tu na baadhi ya nyingine. Nasimamia palepale, 29 si kinyume cha 5 kwenye 216.

---

MzeeTarakimu

Na hapo uko sawa kabisa. Kwenye 216 kinyume cha 5 ni kimoja, 173. Ninachopinga ni kwamba 216 ndiyo moduli pekee ya kutafutia.

Achaneni na 247 kwa muda. Mwenye ufunguo anajua 13 na 19, basi afungue ujumbe mara mbili, upande wa 13 na upande wa 19, kila upande na namba zake ndogo.

Upande wa 13: 97 inabaki 6. Namba yoyote isiyogawanyika kwa 13 ukiipandisha kwa 12 inarudi 1, hiyo ni kanuni ya zamani ya Fermat. Kwa hiyo kipeo chochote ukikipunguza kwa 12 tena na tena hakuna kinachobadilika. Punguza 173 kwa 12 uone inabaki ngapi: 5. Punguza 29 kwa 12: 5. Upande huu haujui umepewa ipi kati ya hizo mbili. 6 kwa kipeo cha 2 ni 36, baki 10, yaani -3. Kwa kipeo cha 4 ni 9. Mara 6 ni 54, baki 2.

Upande wa 19: 97 inabaki 2, na vipeo vinajirudia kila 18. 173 inabaki 11. 29 inabaki 11. Tena hakuna tofauti. 2 kwa kipeo cha 11 ni 2048, na 19 mara 107 ni 2033, baki 15.

Tafuta namba chini ya 247 inayobaki 2 kwa 13 na 15 kwa 19. Ni moja tu, 15 yenyewe.

Sasa @MseeWaRongai, unaona hakuna mahali nilipotumia kwamba ujumbe ni 15. d inatakiwa itimize mambo mawili tu: ikizidishwa na 5 ibaki 1 kwa 12, na ibaki 1 kwa 18. Na namba inayotosheleza 12 na 18 kwa pamoja inatosheleza kigawe chao kidogo cha shirika, ambacho ni 36. 216 ni 36 mara sita, imezidisha masharti bila sababu. Kwenye 36, kinyume cha 5 ni 29, kwa kuwa 145 ni 4 mara 36 na moja juu. Ongeza 36 utapata 65, halafu 101, 137, 173, 209. Zote sita zinafungua kila ujumbe uliofungwa kwa 5. Ile -43 ya binti nayo imo humohumo, iongeze 36 mara mbili uone inaangukia wapi.

---

DadaWaJuja

-43 + 72 = 29. Aisee.

Kwa hiyo ningeongeza 36 badala ya 216 ningefika palepale alipofika yeye.

---

KarangaZaNgara

Nami niingie na yangu, maana nilifanya zoezi kama hili na namba hizihizi 13 na 19, ila nilichagua e mwenyewe. Nikachagua 3 kwa sababu ni tasa na hesabu inakuwa fupi. Kufunga kulienda vizuri. Kufungua ndiko nimekwama, Euklidi ananiishia kwenye 0 kabla sijaona 1 popote. 216 ina 3 mara 72 kamili. Nikadhani nimekosea kutoa. Njia nyingine ya kupata d ipo?

---

MseeWaRongai

Hapana, 3 ni tasa, inapaswa ikubali. Kanuni ni e iwe namba tasa. Angalia tena hesabu yako.

---

MzeeTarakimu

Mwache, hesabu yake iko sawa. Kanuni si e iwe tasa. Kanuni ni e isiwe na kigawo cha pamoja na 12 wala na 18. 3 ni tasa na inakataliwa, kwa sababu inagawa zote mbili. 25 si tasa na inakubaliwa, na ukitafuta kinyume chake kwenye 216 utapata 121. Watu huchagua tasa kwa urahisi tu, maana tasa ikikosa kugawa p-1 na q-1 umeshamaliza kukagua.

@KarangaZaNgara, d yako haipo. Sio kwamba ni ngumu kuipata. Funga 15 kwa e yako: 15 kwa kipeo cha 3 ni 3375, baki 164. Sasa funga 110. 110 mara 110 ni 12100, baki 244, yaani -3. Mara 110 ni -330, ongeza 494, unapata 164. Jumbe mbili zimetoa 164 moja. Anayepokea 164 atajuaje ulimaanisha ipi? Na si mbili tu, ziko tisa zinazoangukia hapo. Euklidi anapoishia kwenye 0 bila kupita 1 anakuambia habari hiyo mapema, kabla hujatuma kitu.

---

KarangaZaNgara

Duh. Kumbe ndiyo sababu. Nimebadilisha nikaweka 5 kama dada. Nikajaribu jumbe kadhaa, nyingi ziko sawa, lakini nikiweka 39 inatoka 39. Haijafungwa kabisa. Nimerudia:

39 mara 39 ni 1521, toa 1482, inabaki 39. Hata mraba wake ni yeye mwenyewe!

---

MseeWaRongai

Hiyo sasa najua. Ujumbe usigawanyike kwa 13 wala 19, la sivyo mfumo haufanyi kazi. 39 ni 13 mara 3. Weka nyingine.

---

MzeeTarakimu

Nusu umepata, nusu imekuponyoka. Mfumo unafanya kazi hata kwa jumbe hizo. Kwa mfano 26: ifunge kwa 5 utapata 182, na d yoyote ya zile sita itakurudishia 26. Upande wa 13 ujumbe ni 0, na 0 hubaki 0 ukiipandisha kwa chochote. Upande wa 19 kanuni inaendelea kama kawaida. Hakuna kilichovunjika.

Hatari yake iko kwingine. Mpita njia anayeona 182 na anajua 247, hana haja ya d. Atamwita Euklidi yuleyule: 247 toa 182 ni 65, 182 toa 65 mara mbili ni 52, 65 toa 52 ni 13, 52 ina 13 mara nne kamili. Ameshapata 13, na sasa ufunguo wako wote ni wake. Kati ya namba 247, ukiacha 0, ziko 30 zenye kasoro hiyo. Kwa tasa za tarakimu mia tatu kila moja hutakutana nazo maishani, ndiyo maana hakuna anayezihofia.

Na hiyo 39 ina sababu yake. Upande wa 13 ni 0, upande wa 19 ni 1. 0 na 1 hazibadiliki kwa kipeo chochote. Tafuta na nyinginezo: kwa e = 5 na n hii ziko 15 zinazojifunga zenyewe bila kubadilika, ukihesabu 0, 1 na 246. Hilo halikwepeki, ila kwa n kubwa ni tone baharini.

---

MwalimuWaZiada_Umoja

Nimefuata tangu juu. Mimi hufundisha jioni wanafunzi wa diploma, nami ningempa huyo kijana sifuri, au pengine nusu. Mzee Tarakimu ameeleza kwa ufasaha, lakini swali la mtihani lina njia yake. Mkifundishwa kwamba d ni kinyume cha e kwenye (p-1)(q-1), na kijana akaandika 29 bila maelezo, msahihishaji anajuaje hakuinakili mahali? Sisahihishi jibu, nasahihisha njia.

Jingine, Rivest, Shamir na Adleman wenyewe walipotoa mfumo wao walitumia (p-1)(q-1).

---

MzeeTarakimu

Ni kweli walianza nayo, mwaka 1977. Lakini kiwango kinachotumika leo, `RFC 8017`, kinaandika kwamba e mara d ibaki 1 kwa kigawe kidogo cha shirika cha p-1 na q-1. Yaani 36 yetu. Kwa kiwango hicho hata 173 inakubalika, maana inabaki 1 vilevile. Na kanuni za Wamarekani za `FIPS 186-5` zinataka d iwe ndogo kuliko hicho kigawe. Mwalimu, kwa hizo, 29 ndiyo jibu na 173 ndiyo inayopigwa mkasi.

---

MwalimuWaZiada_Umoja

Mzee, kiwango si silabasi. Swali lilisemaje hasa? @DadaWaJuja tuandikie maneno yake.

---

DadaWaJuja

"Tafuta ufunguo wa siri d, kisha uonyeshe kwamba unafungua ujumbe." Haikutaja 216 wala 36. Na mwenzangu alionyesha miraba yote mpaka 15, imejaa ukurasa mzima. Njia ya kuipata 29 ndiyo hakuiandika, anasema alizidisha 5 kwa namba mojamoja hadi akafika 145.

---

MwalimuWaZiada_Umoja

Basi sehemu ya kufungua ilistahili alama. Sehemu ya kutafuta d bado nina shaka nayo. Kujaribu mojamoja bila kujua 36 imetoka wapi si njia.

---

MseeWaRongai

Ila mwalimu, kama alijaribu mojamoja kutafuta inayobaki 1 kwa 216, asingesimama kwenye 29. Angefika 173. Kwa hiyo 36 aliijua.

---

DadaWaJuja

Hilo sikuliwaza. Nitamuuliza.

Mzee, kabla sijasahau: Jumamosi tulirudia miraba mara tatu kwa sababu tulikuwa tunakosea kutoa katikati na hatujui wapi. Kuna njia ya kukagua kila mstari bila kuurudia?

---

MzeeTarakimu

Ipo, na ni ya mwenye ufunguo tu kwa kuwa anaijua 13. Kando ya kila mstari andika baki lake kwa 13. Mistari yetu ni 97, 23, 35, 237, 100, 120, 74, 42. Kandoni utaandika 6, 10, 9, 3, 9, 3, 9, 3. Hizo za kando nazo lazima ziwe miraba: 6 mara 6 ni 36, baki 10. 10 mara 10 ni 100, baki 9. 9 mara 9 ni 81, baki 3. Kwa kichwa, bila karatasi.

Tuseme umekosea kutoa ukaandika 33 badala ya 23. 33 kwa 13 inabaki 7, na ulitarajia 10. Umekamata kosa mstari uleule. Kosa linaloachana na jibu kwa 13 kamili, au 26, litakupita, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi kagua na 19 pia.

---

KijanaWaKodi

Kwa wavivu kama mimi, Python toleo la 3.8 kwenda juu:

```
pow(5, -1, 216)     # 173
pow(5, -1, 36)      # 29
pow(97, 29, 247)    # 15
```

Msiandike kwenye jedwali la Excel `=MOD(97^29,247)`, litawapa `#NUM!`. Na kuna lugha ambazo hazilalamiki, zinakupa tu namba ya uongo kimyakimya, JavaScript ikiwemo ukitumia namba zake za kawaida.

Ila nilikuja na jambo jingine. Nilichukua 97, nikajifanya sijui d, wala 13, wala 19. Nikaifunga tena kwa ufunguo uleule wa umma, e = 5. Nikafunga jibu tena, na tena:

```
97 -> 184 -> 71 -> 67 -> 136 -> 15 -> 97
```

Imezunguka ikarudi 97, na kilichokuwa kimesimama nyuma ya 97 ni ujumbe wenyewe! Sikuvunja chochote, nilifunga tu. Hii ni ajali ya 15 au ni kila ujumbe?

---

MzeeTarakimu

Ni kila ujumbe, kwa ufunguo huu. Kufunga mara mbili ni kupandisha kwa 25, mara tatu ni 125, na kwenye vipeo tumeshaona 36 ndiyo inayotawala. 5, 25, 17, 13, 29, 1. Mara ya sita kipeo kinakuwa 1, ujumbe umerudi nyumbani. Na tazama kilicho kabla ya 1: ni 29. Kufunga mara tano zaidi ndiko kufungua.

Simmons na Norris waliliandika jambo hili mwaka uleule wa 1977, mfumo ukiwa bado mchanga. Jibu alilotoa Rivest ni kuchagua tasa ambazo p-1 ina kigawo tasa kikubwa, na hicho kigawo kikitolewa moja nacho kiwe na kigawo tasa kikubwa, ili mzunguko uwe mrefu mno.

---

KijanaWaKodi

Na leo wanaotengeneza funguo hulikagua hilo, au huokota tasa kubwa tu na kutumaini?

---

MzeeTarakimu

Kwa tasa kubwa zilizookotwa kwa kubahatisha kweli, mzunguko mfupi ni nadra kiasi kwamba wengi hawakagui tena. Wengine bado wanataka ikaguliwe, wanasema haigharimu kitu. Mimi niko upande wa hao wa pili.

---

MseeWaRongai

Mimi niko upande wa kwanza. Ukitaka kukagua kila kitu hutatuma ujumbe.

@DadaWaJuja mwenzako amesemaje?

---

DadaWaJuja

Anasema alianza na 12 na 18 kwa sababu 216 ilimchosha. Tunaenda ofisini Jumatatu na huo ukurasa wa miraba.